Bilioni 90 za Serikali: Mkunjo wa IS Uliposogea na Benki Kuu Ikakaa Kimya

Serikali inasoma bajeti mpya. Matumizi yake yataongezeka kwa bilioni 90, viwango vya kodi haviguswi, na pengo litazibwa kwa kukopa: wizara ya fedha itauza hatifungani. Benki kuu haijatoa kauli yoyote. Swali ninalowapa wanafunzi hapo ni moja: pato la taifa litapanda kwa kiasi gani, na riba itaelekea wapi?

Wengi hukimbilia kizidishi, yaani namba inayosema pato litapanda mara ngapi ya matumizi mapya. Katika uchumi wa kisa hiki kaya hutumia senti 75 katika kila shilingi inayobaki baada ya kodi, kwa hiyo kizidishi ni 1 gawa kwa 0.25, yaani 4, na 90 mara 4 ni 360. Wanapiga mstari chini ya 360 na kufunga daftari. Jibu sahihi ni 200. Bilioni 160 zilizokosekana hazikupotea kwa kosa la hesabu. Ziliondoka kupitia soko la fedha, na kisa chote kiko katika njia zilizopitia.

Tuujenge uchumi wenyewe kwanza. Ni uchumi uliofungwa, hauagizi wala kuuza nje, na bei hazibadiliki kwa sasa. Namba zote ni mabilioni, na riba, i, imeandikwa kwa asilimia, yaani 5 maana yake asilimia 5.

```
C = 200 + 0.75(Y − T)
I = 300 − 20i
G = 200,  T = 200
L = 0.4Y − 40i
M/P = 520
```

Mstari wa kwanza ni matumizi ya kaya, ambapo Y ni pato la taifa na T ni kodi. Wa pili ni uwekezaji: kila riba inapopanda kwa pointi moja, miradi yenye thamani ya 20 huahirishwa kwa sababu haitarudisha gharama ya mkopo. Wa tatu ni matumizi ya serikali, G, na kodi. Wa nne ni mahitaji ya fedha. Watu wanahitaji fedha mkononi na katika akaunti za kawaida kwa ajili ya kununua na kulipa, ndiyo maana mahitaji yanakua pamoja na pato. Lakini fedha hiyo haizai, kwa hiyo riba ikiwa juu watu hupunguza wanayoshikilia na kununua hatifungani. Wa mwisho ni ujazi wa fedha ambao benki kuu imeuweka, ukigawanywa kwa kiwango cha bei.

Sasa weka matumizi ya kaya, ya wawekezaji na ya serikali pamoja, uyasawazishe na pato. Utapata mkunjo wa IS. Kisha sawazisha mahitaji ya fedha na ujazi wake. Utapata mkunjo wa LM.

```
IS:  Y = 2200 − 80i
LM:  Y = 1300 + 100i
```

IS inateremka: riba ikishuka, uwekezaji unapanda na pato linapanda. LM inapanda: pato likikua, watu wanataka fedha nyingi zaidi za miamala, na kwa kuwa ujazi haujaongezeka, ni lazima riba ipande hadi wengine wakubali kushika kidogo. Ni vizuri kukumbuka kwamba kila nukta kwenye IS ni mahali ambapo soko la bidhaa limetulia, na kila nukta kwenye LM ni mahali ambapo soko la fedha limetulia. Penye makutano, yote mawili yametulia kwa pamoja. Hapa makutano yako kwenye riba ya 5 na pato la 1800. Kaya zinatumia 1400, wawekezaji 200, serikali 200. Jumla inakubali.

Kisha bajeti inapita. G inatoka 200 kwenda 290. Katika mlinganyo wa IS, 90 zaidi ikizidishwa kwa 4 inaongeza 360 kwenye namba isiyohusiana na riba:

```
IS mpya:  Y = 2560 − 80i
```

Mkunjo wote umesogea kulia kwa 360. Hii ndiyo 360 ya wanafunzi, na haikuwa ya kubuni. Ni umbali wa kulala, unaopimwa riba ikiwa imesimama palepale. Inajibu swali hili: kama riba ingebaki 5, pato lingefika wapi? Lingefika 2160. Kosa ni kudhani kwamba riba itakubali kubaki 5.

Haitakubali, na sababu inaonekana ukienda soko la fedha ukiwa na 2160 mkononi. Kwa pato hilo na riba ya 5, watu wangetaka kushika fedha 0.4 mara 2160, kutoa 200, yaani 664. Iliyopo ni 520. Wamepungukiwa na 144. Mtu aliyepungukiwa na fedha za kuendeshea miamala hufanya nini? Huuza hatifungani alizonazo. Lakini kila mtu akiwa muuzaji, na serikali nayo ikiwa sokoni inauza zake mpya, bei ya hatifungani inaanguka. Na bei ya hatifungani ikianguka, riba ndiyo imepanda. Ni jambo moja likitazamwa pande mbili. Chukua hatifungani inayolipa 5 kila mwaka bila ukomo. Ikiuzwa 100, mnunuzi anapata asilimia 5. Ili mnunuzi mpya apate asilimia 7, bei yake lazima ishuke hadi karibu 71.

Riba inapopanda, wawekezaji wanaanza kurudisha miradi kabatini, na pato halifiki 2160. Mvutano huu unaisha pale IS mpya inapokutana na LM ileile ya zamani. 2560 − 80i ikilinganishwa na 1300 + 100i inatoa 1260 = 180i, yaani riba ya 7. Pato ni 2000.

Napenda kuwalazimisha wanafunzi wakague kwa kurudi kwenye vipande, maana hapo ndipo mambo hujieleza yenyewe. Kaya sasa zinatumia 1550. Uwekezaji ni 300 kutoa 140, yaani 160. Serikali 290. Jumla ni 2000, hesabu imefunga. Tazama uwekezaji: ulikuwa 200, sasa ni 160. Umepungua kwa 40. Na 40 mara kizidishi cha 4 ni 160, ile ile tuliyokuwa tukiitafuta. Matumizi ya serikali yameubana uwekezaji binafsi kwa 40 kupitia riba, na upungufu huo umezidishwa kurudi chini kama vile ongezeko la serikali lilivyozidishwa kwenda juu.

Kwa anayependa fomula, kizidishi kamili cha kisa hiki si 1 gawa kwa 0.25. Ni 1 gawa kwa jumla ya 0.25 na 0.20, yaani takriban 2.22. Ile 0.20 ni breki ya soko la fedha, na inatokana na namba tatu tu: 20 ya uwekezaji mara 0.4 ya mahitaji ya fedha, gawa kwa 40. Kila moja ina maana yake. Wawekezaji wakiwa wepesi kuiogopa riba, breki inakuwa kali. Watu wakiwa wepesi kuachia fedha riba inapopanda kidogo tu, breki inalegea. Tuseme namba ile ya 40 ingekuwa 80, huku tukianzia palepale kwenye 1800 na 5: breki ingekuwa 0.10 na bilioni 90 zilezile zingeleta karibu 257 badala ya 200. Ndiyo maana mtu anayekuambia kwamba matumizi ya serikali "yana kizidishi cha kiasi fulani" bila kusema lolote juu ya soko la fedha hajakuambia jambo lililokamilika.

Sasa nifike kwenye kosa ninalolikuta kwenye daftari nyingi kuliko lolote jingine. Mwanafunzi anasogeza IS kulia, vizuri kabisa. Kisha anaandika: "Pato limepanda, kwa hiyo mahitaji ya fedha yamepanda, kwa hiyo LM inasogea kushoto." Sentensi ya kwanza na ya pili ni kweli. Ya tatu si kweli. Kupanda kwa mahitaji ya fedha kwa sababu ya pato tayari kumo ndani ya LM. Ndiko kulikoufanya mkunjo huo upande. Uchumi ulitembea juu ya LM, kutoka nukta ya 1800 na 5 hadi nukta ya 2000 na 7, na LM yenyewe haikutikisika. Anayeisogeza anahesabu jambo moja mara mbili, na atapata riba kubwa mno na pato dogo mno.

Kuna kipimo rahisi kinachonisaidia mimi mwenyewe. Jiulize kilichobadilika kimeandikwa wapi. Kama ni kitu kilicho kwenye mhimili wa mchoro, yaani pato au riba, hakuna mkunjo unaosogea kwa ajili yake; unatembea juu ya mkunjo. Kama ni kitu kisichoonekana kwenye mhimili wowote, mfano G, T, ujazi wa fedha, kiwango cha bei, au matumaini ya wawekezaji, basi kuna mkunjo unaosogea, na ni ule tu ambao kitu hicho kimo ndani ya mlinganyo wake. G haimo kwenye mahitaji ya fedha. Basi LM haina habari na bajeti.

Isipokuwa benki kuu iamue kuwa na habari nayo. Hapa ndipo kisa kinapanuka, kwa sababu "benki kuu haikufanya chochote" nao ni uamuzi, na ni mmoja kati ya kadhaa. Tulichokifanya hadi sasa ni kudhani kwamba ujazi wa fedha umebaki 520. Benki nyingi kuu za leo haziendeshi mambo hivyo. Zinatangaza riba na kutoa fedha kiasi chochote kinachohitajika ili riba hiyo isimame. Kama benki ya kisa chetu imeahidi riba ya 5, basi bajeti inaposukuma riba juu, itaingia sokoni kununua hatifungani na kulipa kwa fedha mpya hadi pengo lile la 144 lizibwe. Ujazi unakwenda 664. LM inasogea kulia, inakutana na IS mpya kwenye pato la 2160, na uwekezaji unabaki 200 kamili. Zile 360 zimetimia, lakini zimetimia kwa mikono ya taasisi mbili. Serikali pekee ingeleta 200.

Kwenye benki inayoshikilia riba, LM inaweza kuchorwa kama mstari uliolala kwenye riba iliyotangazwa, na vitabu vingi vipya hufanya hivyo. Sioni ubaya wowote, ilimradi mtu ajue kwamba chini ya mstari ule uliolala kuna ujazi wa fedha unaopanda na kushuka ili kuufanya ulale.

Tuchukue sasa upande wa pili. Tuseme benki kuu inaamini kwamba 1800 ndicho kiwango ambacho viwanda na wafanyakazi waliopo wanaweza kukizalisha bila bei kuanza kukimbia. Itaamua kulizuia pato lisizidi hapo. Kwenye IS mpya, pato la 1800 linahitaji riba ya 9.5. Kwa riba hiyo mahitaji ya fedha ni 720 kutoa 380, yaani 340, kwa hiyo benki inapaswa kuuza hatifungani na kuvuta 180 kutoka kwenye mzunguko. LM inasogea kushoto. Uwekezaji unashuka hadi 110, umepungua kwa 90. Serikali imeongeza 90, wawekezaji wamepunguza 90, pato liko palepale. Kilichobadilika ni sura ya uchumi tu: sehemu kubwa zaidi ni ya serikali, sehemu ndogo zaidi ni mitambo na majengo mapya ya watu binafsi.

Bajeti ileile, basi, inaweza kuleta ongezeko la 360, 200 au sifuri. Anayetafuta athari ya sera ya bajeti kwa kutazama bajeti peke yake hawezi kuipata.

Niseme kwa kifupi juu ya njia ambayo wengi huuliza: je, serikali ingelipia bilioni 90 hizo kwa kodi badala ya kukopa? Kodi ya 90 inapunguza matumizi ya kaya kwa 67.5 mwanzoni, siyo 90, kwa sababu sehemu ya kodi inatoka kwenye akiba. Kwa hiyo IS inasogea kulia bado, ila kwa 90 tu. Makutano na LM ya 520 yako kwenye riba ya 5.5 na pato la 1850. Bajeti iliyosawazishwa inasukuma, lakini kidogo.

Tugeuze swali. Mara nyingi hatuoni mikunjo. Tunaona namba mbili zikibadilika, pato na riba, kisha tunaulizwa ni nini kilichotokea. Hapa mchoro unalipa gharama yake. Pato na riba vikipanda pamoja, IS ndiyo iliyosogea kulia. Pato likipanda huku riba ikishuka, LM ndiyo iliyosogea kulia. Riba ikipanda na pato likashuka, LM imesogea kushoto. Mtu anayesema kwamba riba kubwa daima ni dalili ya benki kuu kubana, au kwamba riba kubwa daima huua ukuaji, amesahau kuuliza ni mkunjo upi uliomfikisha hapo. Riba ya 7 katika kisa chetu imekuja pamoja na ongezeko la pato la 200. Ingetokana na kubana fedha, ingekuja na upungufu.

Kuna dalili ya pili iliyo ndani ya muda, na naiona tamu zaidi. Soko la fedha hutulia kwa siku chache. Hatifungani zinauzwa na kununuliwa saa hadi saa. Soko la bidhaa hutulia kwa miezi, kwa sababu kiwanda hakiajiri wala hakijengwi kwa siku moja. Kwa hiyo ni haki kudhani kwamba uchumi unakuwa juu ya LM karibu wakati wote, na unaifuata IS polepole. Kwa bajeti ya 90, hilo linatoa picha tulivu: siku ya kwanza pato bado ni 1800, basi riba bado ni 5, kisha vyote viwili vinapanda bega kwa bega, mwezi kwa mwezi, kuelekea 2000 na 7. Masoko yanaweza kuwahi, maana wanaonunua hatifungani za muda mrefu husoma bajeti pia, lakini riba ya muda mfupi hufuata pato.

Linganisha na benki kuu inayoongeza ujazi wa fedha kwa 90, kutoka 520 hadi 610, bila bajeti kuguswa. LM mpya ni Y = 1525 + 100i. Makutano na IS ya zamani yako kwenye riba ya 3.75 na pato la 1900. Lakini hiyo ni mwisho wa safari. Siku ya kwanza pato bado ni 1800, na ili watu wakubali kushika 610 kwa pato hilo, riba lazima ishuke hadi 2.75. Inaanguka ghafla kupita kiwango chake cha mwisho, kisha inapanda taratibu pointi moja nzima huku pato likikua. Mtu anayeanza kutazama mwezi wa pili ataona riba na pato vikipanda pamoja na kusema ni IS. Atakuwa amekosea kwa sababu amekata sehemu ya kwanza ya hadithi. Kabla ya kutoa hukumu, rudi nyuma hadi siku sera ilipotangazwa.

Yote haya yamesimama juu ya dhana ya bei zisizobadilika, na ni lazima tuitoe sasa. Tuseme benki ilikaa kimya na pato likafika 2000, lakini 1800 ndiyo kweli uwezo wa uchumi. Viwanda vinafanya kazi kupita kiasi, waajiri wanashindania wafanyakazi, mishahara inapanda, na bei zinafuata. LM haitegemei M peke yake, inategemea M gawa kwa P. Bei zinapopanda, fedha ileile ya 520 inanunua kidogo, na LM inaanza kusogea kushoto bila benki kuinua kidole. Itaendelea kusogea hadi pato lirudi 1800, na tayari tunajua hapo pakoje: riba ya 9.5, na fedha halisi ya 340. Kwa kuwa M imebaki 520 na kiwango cha bei kilianzia 1, sasa kinapaswa kufika 520 gawa kwa 340, takriban 1.53. Bei zimepanda kwa asilimia 53 hivi.

Hapo ndipo pale pale benki kuu ilipotufikisha ilipovuta 180 kutoka sokoni. Uwekezaji ni 110 kwa njia zote mbili. Tofauti ni kwamba njia moja inafika kwa kubana mapema, na nyingine inafika kwa kuziacha bei zifanye kazi ya kubana. Na wakati bei ziko njiani, mikunjo hii miwili inaanza kusumbua, kwa sababu mwekezaji hutazama riba ikitolewa mfumuko wa bei anaoutarajia, ilhali mwenye fedha mkononi hutazama riba nzima. Riba ileile kwenye mhimili inakuwa na maana mbili. Uchumi wenye mfumuko mkubwa hauwezi kusomwa vizuri kwa mchoro huu bila kutenganisha hizo mbili.

Ujerumani iliyapitia haya waziwazi. Tarehe 1 Julai 1990 sehemu mbili za nchi ziliunganishwa kifedha, na 3 Oktoba mwaka huohuo zikawa dola moja. Gharama za kujenga upya upande wa mashariki na kuwalipa watu wake mafao zilikuwa kubwa, na sehemu nzuri yake ilikopwa. IS ilisogea kulia kwa nguvu, uchumi wa upande wa magharibi ukawaka, na bei zikaanza kupanda. Benki kuu, Bundesbanki, ilichagua njia ya kwanza kati ya zile mbili. Ilibana, na Julai 1992 kiwango chake cha punguzo, yaani riba iliyozitoza benki zilizokopa kwake, kilifika asilimia 8.75. IS kulia, LM kushoto: mikunjo yote miwili ilikuwa ikiisukuma riba upande mmoja, huku ikilivuta pato pande mbili zinazopingana. Ndiyo maana riba ilikuwa sehemu rahisi ya kutabiri. Pato lilitegemea nani angeshinda, na mwaka 1993 uchumi wa nchi hiyo ulisinyaa.

Majirani ndio walioumia kwa namna ambayo mchoro huu unaieleza kwa uchungu. Nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimefunga sarafu zao na maki ya Ujerumani, na ili kuzishikilia zililazimika kuifuata riba yake juu. Lakini wao hawakuwa na mashariki ya kujenga. IS yao haikusogea kulia; LM yao peke yake ilivutwa kushoto. Riba ya juu iliyofika Ujerumani ikiwa imebebwa na matumizi, ilifika kwao mikono mitupu, na pato lao likabeba mzigo wote. Uingereza, ambayo uchumi wake ulikuwa tayari umedorora, ilijitoa kwenye mfumo huo wa kufunga sarafu tarehe 16 Septemba 1992, siku ambayo asubuhi yake ilikuwa imepandisha riba kutoka asilimia 10 hadi 12, na mchana ikatangaza 15, ili kuinusuru pauni. Januari 1993 riba yake ilikuwa asilimia 6, na LM yake ilikuwa huru kusogea kulia tena.